Harufu ya Kuungua Kitonga

Abiria anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam huutambua Mlima Kitonga kwa pua kabla macho hayajaliona bonde. Basi likianza kuinama, dirishani huingia harufu kali, kama ya mpira na karatasi vilivyotupwa jikoni kwa pamoja. Wazoefu wa njia hiyo hawashtuki, maana wanajua ni malori yaliyotangulia. Mbele kidogo, pale barabara ilipopanuka, lori moja limeegeshwa pembeni. Utingo amechuchumaa akisukumia mawe chini ya tairi, na kwenye magurudumu ya tela unapanda moshi mwembamba, taratibu, kama wa udi.

Lori lile si bovu. Fundi akilifungua kesho asubuhi huenda asikute bomba lililopasuka wala chuma kilichovunjika. Breki zake zimejaa joto kupita zinavyoweza kubeba, na dereva amefanya jambo la busara la kusimama zikiwa bado zina nguvu ya kumsimamisha. Wasiosimama ndio husomwa katika habari za jioni, na habari hizo karibu zote hutumia maneno mawili yaleyale: breki zilifeli.

Maneno hayo yanaficha mengi. Breki zinaweza kukatika ghafla, kwa mfano bomba la mafuta ya breki likipasuka au mpira ndani ya masta silinda ukiisha. Hilo linaweza kutokea mahali popote, hata mjini kwenye taa. Lakini kwenye miteremko mirefu ya nchi zetu, Kitonga kwa Tanzania au Salgaa kwa Kenya, kinachotokea mara nyingi ni kitu kingine. Breki huanza safari zikiwa nzima, zikachoka kidogo kidogo kwa joto, na dereva akagundua kwamba zimeisha wakati tayari amezihitaji zote. Kwa hiyo mambo mengi yanayoamua kama gari litafika salama chini hufanyika juu, kabla gari halijaanza kuinama.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kulitazama gari kama mzigo uliopandishwa darini. Tuseme Noah yenye abiria saba na magunia mawili ya viazi, jumla tani mbili hivi, inashuka mteremko unaoiteremsha mita 400 kwenda chini. Kama mwisho wa mteremko inakwenda kwa kasi ileile iliyoanza nayo, basi nguvu yote ya kule kushuka imekwenda mahali fulani. Kiasi kidogo kimechukuliwa na upepo na tairi. Kilichobaki, dereva akitegemea breki peke yake, kimegeuka kuwa joto kwenye magurudumu manne. Ukipiga hesabu, nguvu ya kushuka huko inatosha kuchemsha lita 25 za maji ya bomba, yaani ndoo kubwa iliyojaa na nyingine robo. Joto hilo lingeingia lote kwenye kilo 25 za chuma cha diski na dramu bila kupoa hata kidogo, chuma kingepanda kwa nyuzi 680 za sentigredi. Lori la tani 30 kwenye mteremko huohuo lingechemsha lita 375, karibu mapipa mawili.

Bahati nzuri chuma hupoa njiani, kwa kuwa upepo unaopita chini ya gari huondoka na sehemu ya joto. Hapo ndipo mwendo unapoleta tofauti. Joto la kushuka mlima ni lilelile kwa anayekwenda kilomita 60 kwa saa na anayekwenda 20, lakini wa 20 ana muda mara tatu wa kuliachia lipotee. Dereva wa lori anayetambaa Kitonga huku basi likimpigia honi nyuma si mwoga. Anapoza breki zake huku akiendelea na safari.

Joto likizidi, huziharibia breki kazi kwa njia tofauti, na dereva anayeijua njia iliyompata hujua la kufanya. Njia ya kwanza iko kwenye pedi zenyewe, au breki shuu kwa gari lenye dramu. Pedi hushika kwa sababu ya mkwaruzo, na mkwaruzo huo umetengenezwa kwa ajili ya kiwango fulani cha joto. Kikivukwa, gundi iliyoshika chembe za pedi huanza kuungua na kutoa gesi, na uso wa pedi huteleza kama uliopakwa nta. Dalili yake ni pedali iliyo ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo. Dereva anakanyaga, mguu unakutana na ukinzani uleule wa siku zote, ila gari linaendelea kana kwamba halikuambiwa kitu.

Njia ya pili iko kwenye mafuta ya breki. Magari madogo na pikapu hutumia mafuta hayo kupeleka msukumo wa mguu hadi kwenye gurudumu, na kazi hiyo inawezekana kwa sababu kimiminika hakibonyei. Kopo la DOT 3 likiwa jipya, mafuta yake hayachemki chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 hayachemki chini ya 230. Tatizo ni kwamba mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, mwezi baada ya mwezi, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Yakifikisha maji kidogo chini ya asilimia nne, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Katika mteremko mrefu joto hupita kwenye pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta, nayo yakachemka. Ndani ya bomba sasa kuna mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inakuwa laini kama godoro, kisha inazama hadi kwenye zulia.

Kwa malori na mabasi makubwa hakuna mafuta ya kuchemka, kwa kuwa breki zao ni za upepo. Ila nyingi ni za dramu, na dramu ikipata moto hutanuka, ikajitenga na breki shuu zilizo ndani yake. Fimbo inayozisukuma shuu ina urefu wake, haiwezi kutoka zaidi ya hapo. Kama fundi hakuzirekebisha breki, nafasi iliyokuwa ndogo asubuhi inakuwa kubwa mlimani, fimbo inafika mwisho wake na shuu zinaugusa ukuta wa dramu kwa shida. Kipimo cha upepo kwenye dashibodi kinaonyesha tangi zimejaa. Dereva anakiangalia na haelewi.

Sasa turudi juu ya mlima. Dawa ya joto ni kutolizalisha kwenye breki, na kifaa cha kulipeleka kwingine tayari kimo ndani ya kila gari. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haizungushwi bure. Ya petroli hulazimika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa, ikafanya kazi kama mtu anayevuta pumzi amezibwa pua. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo injini inavyozunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na ndivyo gari linavyozuiwa. Joto lake linaondoka kupitia rejeta na egzosti, sehemu zilizoundwa kuishi na moto siku nzima.

Madereva wa zamani walikuwa na kipimo ambacho hakijapata mbadala: mlima hushukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa malori ya kisasa, yenye injini zenye nguvu zaidi na mabodi yanayokata upepo vizuri, wakufunzi hushauri gia moja chini ya hiyo. Gia hiyo huingizwa juu, kwenye tambarare ya mwisho, wakati lori bado linatii. Kwa lori lililopakia, kungoja hadi mwendo uwe umepanda ndipo kushusha gia ni kucheza kamari, kwa sababu gia ya juu ikishatolewa ile ya chini inaweza kukataa kuingia. Hapo lori linabaki nyutro, likiwa na tani 30 mgongoni na hakuna kinachoizuia isipokuwa breki zilizokwisha kuchoka.

Na kuna wanaoweka nyutro kwa hiari. Kwenye mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, maofisa wa usalama barabarani wa Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu madereva wa malori wanaoachia gari liteleze lenyewe ili wabakize dizeli. Mahesabu hayo hayana hata faida wanayoifikiria. Injini za siku hizi zenye kompyuta hukata mafuta kabisa gari linaposhuka ndani ya gia na mguu umeondolewa, kwa vile magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Ikiwa nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Anayeteleza anatumia zaidi kuliko anayeshuka kwa gia, na juu ya hapo amejivua breki yake kubwa kuliko zote.

Injini ya dizeli kwa asili yake huzuia kidogo kuliko ya petroli, kwa sababu nyingi hazina ule mlango wa kuziba hewa. Ndiyo maana malori hufungiwa breki ya egzosti, inayoziba njia ya moshi ili injini isukumane na pumzi yake yenyewe. Swichi yake huwa kwenye usukani au sakafuni, na abiria huitambua kwa mngurumo mzito unaotoka chini. Hufanya kazi vizuri injini ikiwa inazunguka kwa kasi, kwa hiyo bila gia ndogo nayo haina msaada mkubwa.

Mwenye otomatiki asidhani mambo haya hayamhusu. Noah na Corolla za zamani zina herufi 2 na L chini ya D, na kitufe cha O/D ambacho kikizimwa huiondoa gia ya juu kabisa. Magari mapya zaidi yana S, au M yenye alama za kujumlisha na kutoa, na Prius ina B ambayo wengi wamekaa nayo miaka bila kuigusa. Zote hizo ni njia za kuiambia gia boksi isikimbilie gia kubwa. Injini itapiga kelele, sindano itapanda hadi mizunguko 4,000 au zaidi, na abiria wa mbele ataanza kumtazama dereva kwa wasiwasi. Mradi sindano haijaingia kwenye eneo jekundu, kelele hiyo haina ubaya wowote.

Hata kwa gia sahihi breki zitahitajika, na kuna namna ya kuzitumia. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia mteremko mzima ndiko kunakoziua, kwa sababu hazipati hata sekunde ya kupumua. Madereva wa malori Marekani hufundishwa hivi: kama mwendo salama ni kilomita 40, gari likifika 40 dereva hukanyaga kwa uthabiti kwa sekunde tatu hivi mpaka lishuke kama kilomita nane, kisha anaachia kabisa na kuiacha gia ilishike. Likifika tena 40, anarudia.

Tuchukue sasa ile Noah, na tuseme dereva wake hakufanya lolote kati ya haya. Ameshuka kwa D tangu juu, mguu umelala kwenye breki kwa kilomita tatu.

“Dereva, mbona kama kuna kitu kinaungua?” anauliza mama aliyekaa nyuma yake.

“Ni hilo lori la mbele, mama.”

Inawezekana kweli ni lori. Lakini kona inayofuata anakanyaga na pedali inaingia ndani kuliko ilivyozoea. Hapa ndipo angeweza bado kusimama kwa amani: breki zingalipo, mwendo ni 60, na mbele kuna nafasi ya kuegesha. Harufu na pedali iliyobadilika ni onyo la kutosha. Anapita. Kona mbili baadaye pedali inagonga sakafu na mshale unaelekea 70.

Hatua yake ya kwanza ni kupampu pedali, haraka na kwa nguvu, mara nyingi mfululizo. Kama tatizo ni mapovu, kila kukanyaga huongeza mafuta kidogo ndani ya bomba na kuyabana, na mara ya nne au ya tano anaweza kupata mshiko wa sekunde chache. Kama ni bomba lililopasuka pia inafaa, kwa sababu magari yote ya miongo mingi sasa yana njia mbili za mafuta, na moja ikikatika nyingine hubaki na kama nusu ya nguvu, ingawa pedali itashuka sana na itahitaji mguu wa kweli. Dereva anayehisi pedali imezama akaondoa mguu kwa kukata tamaa huwa ameiacha hiyo nusu bila kuitumia.

Huku mguu ukipampu, mkono unashusha gia. Anazima O/D, anaingiza 2, na mwendo ukipungua anaingiza L. Mwenye gari la manyuo hufanya vivyo hivyo kwa zamu, kutoka ya nne hadi ya tatu, anaachia klachi taratibu, anangoja injini ishike, ndipo ya pili. Kuruka kutoka ya nne hadi ya kwanza kwa kilomita 70 kunaweza kuyafunga magurudumu yanayovuta na kulizungusha gari kabla halijapungua.

Kisha hendibreki. Watu wengi huisahau kwa kuwa wameizoea kama kitu cha kuegeshea, lakini kwa Noah hii ndiyo akiba nzuri kuliko zote. Inavutwa kwa waya, haina habari na mafuta yaliyochemka. Pia hushika magurudumu ya nyuma, ambayo kwa kawaida hubeba sehemu ndogo ya kazi ya breki na hivyo huwa hayajaungua kama ya mbele. Siri ni kubonyeza kile kitufe cha mbele na kutokiachia, ili dereva aweze kuvuta na kulegeza kwa mkono. Akiivuta kwa hasira mpaka mwisho, tairi za nyuma zitakaza na mkia utatangulia, hasa kwenye kona. Kwenye magari yenye swichi ya hendibreki ya umeme, mengi husimama kwa utaratibu dereva akiishikilia swichi ile bila kuiachia.

Jambo moja asilifanye: kuzima injini. Hofu humwambia mtu kwamba gari lililozimwa litasimama, lakini injini ikizimika usukani wa pawa unakuwa mzito, na kifaa kinachosaidia mguu kwenye breki kinabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Na ufunguo ukirudishwa hadi mwisho, kwenye magari mengi usukani hujifunga. Atakuwa na gari lisilo na breki na lisilokata kona.

Kwa breki za upepo mambo yanageuka, na kosa hapa ni rahisi kwa anayehama kutoka Noah kwenda Fuso kubwa au semi. Asipampu. Kila kukanyaga na kuachia hutupa nje upepo ambao kompresa haiwahi kuurudisha, na kengele ya upepo mdogo italia. Upepo ukiendelea kushuka, springi kubwa zilizo nyuma ya breki, zile ambazo kazi ya upepo ni kuzizuia, zitajifunga zenyewe kwa wakati ambao dereva hakuuchagua. Mtu akielewa hilo anaelewa pia kwa nini lori linaloteremka ovyo kwa kawaida halijaishiwa upepo. Likiishiwa, lingejaribu kusimama. Tatizo lake ni dramu za moto ambazo hata springi haziwezi kuzishika vizuri.

Na wakati wote huo, taa kamili, honi na taa za dharura. Walio mbele hawajui kinachokuja.

Inabaki kuamua gari liishie wapi, na hapa ndipo madereva wengi hushindwa, si kwa kukosa ujuzi wa usukani bali kwa kukataa kuharibu gari. Tarehe 25 Aprili 2019 dereva wa miaka 23 alikuwa akishuka na shehena ya mbao kutoka Milima ya Rocky kuelekea Denver, Marekani, breki zake zikaisha. Barabara ile ina njia za dharura kwa malori, vipande vilivyojazwa kokoto ambamo magurudumu huzama na lori likasimama. Aliipita moja. Chini, eneo la Lakewood, alikuta foleni. Magari 28 yaliingia katika ajali ile na watu wanne walikufa. Mahakama ilimhukumu miaka 110 jela mwezi Desemba 2021, na kabla mwezi haujaisha gavana wa Colorado akaipunguza hadi 10. Mjadala kuhusu adhabu ulikuwa mkubwa, lakini kwa dereva swali la maana ni lile la zile sekunde chache alipokuwa akiipita njia ya kokoto.

Kwenye barabara zetu dereva hawezi kutegemea kukuta kokoto zimemwagwa kwa ajili yake, kwa hiyo anatafuta kinachofanana nazo. Bora kabisa ni njia ya pembeni inayopanda. Gari linalokwenda kilomita 60 bila breki wala gia litasimama lenyewe likipanda kimo cha mita 14, na kwenye njia inayopanda mita moja kwa kila mita kumi, huo ni umbali wa mita 140 hivi. Lakini likiwa kwenye 100 litahitaji kimo cha mita 39. Kila kona dereva anayoiacha ipite akitumaini kwamba mbele kutakuwa tambarare, anapunguza idadi ya mahali panapoweza kumsimamisha.

Njia ya kupanda isipokuwepo, hufaa kitu laini na kirefu: shamba lililolimwa, mchanga, vichaka, majani marefu. Urefu ndio unaookoa. Gari la kilomita 60 likisimama ndani ya mita 20 za vichaka, miili ya abiria hupata mtikiso usiozidi ule wa breki kali. Likisimama ndani ya mita moja, kwenye mbuyu au ukuta, nguvu ni mara 20. Na kama hakuna vichaka, kuna ukuta wa mlima wenyewe. Gari huelekezwa taratibu hadi ubavu wake uguse na kukwaruza kingo za udongo au reli za chuma za pembeni, kidogo kidogo, pembe ndogo kabisa, kama mashua inayogusa gati. Vioo vitakwenda, milango itachanika, mwenye gari atalia. Kwenye barabara kama Kitonga, ambako upande mmoja ni mlima na wa pili ni korongo, uchaguzi wa upande hauhitaji kufikiriwa. Tairi kupelekwa kwenye mtaro wa upande wa mlima nayo ni njia, ingawa mtaro wa zege wenye kina huweza kulipindua gari refu kama Noah likiwa bado na mwendo.

Kisichofaa ni kuendelea hadi chini kwa matumaini. Chini ya miteremko mirefu ndipo zilipo njia panda, na penye njia panda pana soko, bodaboda na vituo vya daladala. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani katika barabara ya Kericho kwenda Nakuru, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia matatu, pikipiki na wachuuzi wa pembeni. Walikufa watu zaidi ya 50, na wengi wao hawakuwa ndani ya chombo chochote.

Noah yetu ina bahati. Gia ya L na hendibreki vimeishusha hadi 30, dereva ameiegemeza kwenye kingo za udongo, imesimama huku ubavu wa kushoto umechubuka kuanzia mlango hadi taa ya nyuma. Abiria wanashuka wote na kwenda kusimama juu ya barabara, nyuma ya gari, mbali na magurudumu. Mawe yanawekwa chini ya tairi kabla ya lolote, kwa sababu chuma cha moto kikipoa hunywea na hendibreki iliyokaza inaweza kulegea. Pembetatu ya onyo inapelekwa juu, kabla ya kona, ili anayeshuka aione akiwa na nafasi ya kupunguza.

Mtu mwenye huruma atatokea na dumu la maji. Akataliwe kwa upole. Diski iliyofika nyuzi mamia kadhaa ikimwagiwa maji baridi hupinda au kupasuka, na breki zitakuwa mbovu kweli. Maji yawekwe karibu kwa ajili ya tairi tu, likishika moto. Vinginevyo ni kungoja, saa nzima au zaidi, mpaka kiganja kikisogezwa karibu na rimu kisihisi joto.

Halafu linatokea jambo ambalo limewaponza wengi. Mafuta yakipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na pedali iliyokuwa sakafuni inasimama tena, ngumu na nzuri. Dereva anakanyaga mara tatu, anacheka kwa aibu, anadhani pengine alichanganyikiwa. Abiria wanaanza kupanda. Mafuta ni yaleyale, maji yake ni yaleyale, na mteremko uliobaki utayachemsha upesi zaidi kwa sababu chuma bado kina joto. Noah hii iteremke ikivutwa, si kwa breki zake.

Gereji ya Ruaha Mbuyuni, kesho yake, fundi anakaa kwenye kiti na kukanyaga.

“Mbona breki zipo, mzee?”

Dereva anamwomba afungue kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Fundi anachovya kitambaa cheupe na kukitoa. Mafuta mapya huwa meupe au ya njano hafifu. Haya yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni. Gari lilinunuliwa miaka mitano iliyopita na hakuna anayekumbuka yalibadilishwa lini, wakati watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Fundi anachomoa magurudumu, anaonyesha pedi za mbele zilizong'aa kama kioo, anazitupa kwenye ndoo ya vyuma. Kisha anatoa kopo jipya la lita moja, linalofunguliwa hapohapo mbele ya mwenye gari kwa kuwa lililofunguliwa jana tayari limeanza kunywa unyevu, na anaanza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda. Utingo wake yuko ndani akikanyaga na kuachia kwa amri, na mafuta meusi yanatiririka kwenye chupa ya maji hadi yanapoanza kutoka meupe.